Safu Tatu za Nadharia

Chuo chetu cha ualimu kilikuwa nje kidogo ya mji wa Singida, na mkufunzi wetu alitufundisha ufundishaji shirikishi kwa kutusomea notsi nasi tukinakili kimya. Siku moja akatupa kazi: tufupishe sura ya nadharia za ujifunzaji katika jedwali lenye safu tatu, wananadharia, matumizi darasani na ukosoaji, kisha tuandae andalio la somo. Ambaye angeshindwa asingekwenda mazoezi ya kufundisha.

Nilikuwa kiongozi wa kikundi cha watu watatu, na uongozi ulikuwa umenipanda kichwani. Nikaigawa sura kwa safu. Wananadharia niliwachukua mimi, maana walikuwa wachache na wamekwisha kufa. Wenzangu wawili, jamaa aliyetoka Mtinko akapewa matumizi, dada aliyetoka Kinyangiri ukosoaji.

"Kaka, nitamkosoaje mtu ambaye sijamsoma?" dada akauliza.

"Wewe lete hoja nne. Kuunganisha ni kazi yangu."

Nikaunganisha kwa rula na kalamu za rangi mbili. Kila mmoja alikuwa ameleta hoja zake kwa mpangilio wake, nami nikazipanga kama zilivyokuja. Sikusoma hata moja kwa kuilinganisha na ya jirani yake. Jedwali lilipendeza sana.

Siku ya kuwasilisha nikabandika bango kitita ukutani. Somo letu lilikuwa hesabu za sehemu, darasa la nne: watoto wakate viazi vitamu kwa vikundi, anayejua amsaidie asiyejua. Mkufunzi akausoma mstari wa nadharia tuliyoijengea somo hilo, taratibu, kidole kikitembea kutoka safu hadi safu.

"Mtoto hujenga maarifa kwa kushirikiana na anayemzidi. Matumizi: apewe pipi kila anapojibu sahihi. Ukosoaji: akizoea zawadi, zikikoma naye hukoma." Akanigeukia. "Kiazi kimekuwa pipi saa ngapi?"

Darasa likacheka. Nikasema nadharia zote zinaingiliana. Nilijua nasema uongo, na mkufunzi alijua pia.

"Basi huo ukosoaji ni wa nani?"

Nikatazama bango langu zuri kama mgeni. Dada akajibu badala yangu, bila kunidhalilisha, na hilo liliniuma zaidi: ni wa nadharia ya zawadi na adhabu, ndugu ya ile ya mbwa aliyezoeshwa kudondokwa mate kwa kengele, isiyojali kinachoendelea akilini mwa mtoto. Ya kwetu hukosolewa kwa kuwa mwalimu mmoja mwenye watoto tisini hawezi kumsaidia kila mmoja.

Mkufunzi akawaandikia dada na jamaa kwamba wataenda mazoezini. Mimi akanirudishia bango.

"Soma sura yote, peke yako. Ijumaa uniletee."

Nikanyoosha mkono.

"Samahani, mkufunzi. Nikirudia utanipa alama ngapi?"

Akachukua kalamu nyekundu, akaizungushia duara ile hoja ya mtoto aliyezoea zawadi, akaandika pembeni yake jina langu.