Sofa ya Mukwe Kwenye Kona ya Ngazi

Mukwe wangu, baba ya bibi yangu, alikuwa seremala mkubwa kuliko wote pale Nchelenge, nami nilimchukia. Miaka mitatu nilimtumikia kwa ajili ya binti yake, na kila siku aliniita mutoto mbele ya wateja, mimi mwenye ndevu. Nasema wazi, nimeshazeeka.

Muzungu mmoja mnunuzi wa samaki alijenga nyumba ya ghorofa, duka chini, makao juu. Akaagiza sofa. Ikipanda salama, alisema, fanicha zote za nyumba atazitengeneza mzee.

Ngazi ilikuwa nyembamba kweli. Mzee alipima mwenyewe: kati ya ukuta na reli, inchi thelathini. Kwenye karakana, sofa ikiwa bado fremu tupu, akalaza ubao kutoka juu ya mgongo wa sofa hadi mbele ya mkono wake, akapima toka kona ya chini ya nyuma hadi kwenye ubao, moja kwa moja. Ishirini na tisa. Inapita. Ngazi inapokata kona, sofa ilibidi isimamishwe wima ndipo igeuzwe. Dari pale ni inchi themanini na nane, urefu wa sofa themanini na nne. Akakunja futi yake, akaenda kula.

Nikavuta kamba mimi, toka kona ya chini ya ncha moja hadi kona ya juu ya ncha nyingine. Themanini na tisa na kidogo! Ikishasimama ingeenea, ndiyo, lakini wakati wa kuinuliwa kona ile ingegonga dari kwanza. Kupunguza inchi tatu za urefu kulikuwa kazi ya nusu siku tu.

Kwetu mukwe hamkosoi baba ya bibi yake, humwita tata kama baba yake mzazi, hata machoni hamtazami. Lakini njia ipo, na kila mutu anaijua: unamwambia bibi, naye anamwambia mama yake, mama anamfikishia mzee. Nilinyamaza. Nikapigilia kitambaa vizuri kabisa.

Wavuvi sita kutoka Kabuta waliibeba asubuhi. Kwenye kona ikakwama, ikachuna chokaa, ikagoma. Walijaribu kichwa chini, walijaribu kwa ubavu. Muzungu akatoka, akaangalia, akamwamuru mzee aikate vipande palepale, kwa mkono wake, akina mama wauza samaki wakitazama toka mlangoni. Kazi nyingine, akasema, atampa fundi wa mjini Mansa.

Mzee alikata. Nilishika ncha ya pili, nikiuma midomo nisicheke. Nilifurahi, Mungu anisamehe, nilifurahi sana.

Tulirudi, mzee mbele, mpaka karibu na nyumbani. Akasimama.

“Wewe ulipima?”

“Nilipima, tata.”

Akanitazama usoni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

“Ungesema, ningeipunguza,” akasema.

Akanipa msumeno niubebe. Hakuushika tena mpaka tulipomzika, na bibi yangu hajui sababu hadi leo.