Kuuza Mkeka Kama Maembe Mtini

Watu wengine wakikosa kodi ya nyumba wanafungiwa na kufuli. Mimi landilodi alichukua mlango. Aliung'oa Jumamosi asubuhi nikiwa huko sokoni Machakos natafuta mtu wa kunikopesha, akaupakia kwa mkokoteni mpaka stoo yake. Alimwambia bibi yangu, "Elfu kumi na mbili ikifika, mlango itarudi." Nilipofika nyumbani nilipata leso imefungwa pale mlango ulikuwa, na kuku wa jirani wanaingia na kutoka kama wapangaji.

Nikajaribu mzaha. Nikasema angalau sasa tuko na hewa safi.

Bibi hakucheka. Alikuwa ameshika mtoto wetu, ambaye hata kukaa bado hajajua. "Leo nitavumilia," akasema. "Kesho jioni kama hakuna mlango, mimi naenda Masinga kwa mamangu. Na usinifuate."

Mimi kazi yangu ni broker wa maembe. Shule niliacha Form Two, na hesabu yote niko nayo nilijifunzia chini ya miti ya watu huko Yatta, nikihesabu matunda mabichi. Msimu huo nzi wa matunda walikula mtaji wangu wote. Nilikuwa nimebaki na shilingi hamsini kwa simu, na hiyo hamsini nikaiweka multibet, mkeka wa timu saba, zikishinda zote ni elfu sitini. Huo ndio mpango baba wa familia alitoa. Usiniulize kama niliomba ushauri.

Sasa jambo la ajabu, timu sita zikaja. Jumapili jioni nikajipata kwa kinyozi, pale tunaangalianga mpira, na timu ya saba inacheza kwao, inaongoza moja bila, kipindi cha pili. Kinyozi alikuwa amenishikia simu.

"Aiya!" akapiga nduru. "Broker, hawa wa bet wanakupea elfu thelathini na nane cash out, uwauzie mkeka sasa! Bonyeza!"

"Asibonyeze," akasema jamaa mmoja muuza nyanya, alikuwa amenyolewa upande mmoja tu. "Wakikupea pesa ujue wanaogopa. Wanajua hiyo timu inashinda."

"Kijana aliweka hamsini! Hamsini imekuwa thelathini na nane elfu, bado mnataka nini?"

"Anaibiwa ishirini na mbili!"

Wakaanza kushindana juu ya kichwa changu, na kiti cha kinyozi kikawa bunge. Na mimi nikagundua wote wawili wanapima vibaya. Mmoja anapima na hamsini. Lakini hamsini ilishaenda, hairudi, haina maneno tena. Mwingine anapima na sitini. Lakini sitini bado sijapata, iko juu ya mti.

Na vitu za juu ya mti ndio kazi yangu. Mama mwenye shamba akiniuzia maembe bado mabichi, nahesabu matunda yote, natoa yale yataanguka na upepo na yale nzi watatoboa, alafu, na hapa ndio sisemangi kwa sauti, natoa tena kidogo yangu. Yule mama anaona bei moja tu. Haoni nimekata mara mbili.

Nikamwambia kinyozi, "Hebu fungua pale kwa odds za mechi yenyewe. Na unipe calculator."

Ya nyumbani kushinda ilikuwa 1.30. Sare 4.50. Wageni kushinda 13. Ukichukua mia ugawe na kila moja, unapata hao wa bet wenyewe wanasema itatokea mara ngapi kwa mia. Ya kwanza, sabini na saba. Sare, ishirini na mbili. Wageni, nane hivi.

"Jumlisha," nikamwambia.

"Mia moja na saba."

"Mechi mia, na matokeo mia moja na saba. Hiyo saba ya juu ni ya nani?"

Kinyozi akasema, "Ni yao."

"Ni yao. Ukiitoa kwa zote tatu, kila moja na kiasi yake, timu yangu iko na kama sabini na mbili kwa mia. Sabini na mbili kwa mia ya elfu sitini ni elfu arobaini na tatu na kitu. Wananipea thelathini na nane. Hapo wamekata elfu tano. Hawa ni mabroker kama mimi, tena wamevaa tai."

"Kwa hivyo unangoja!" akasema muuza nyanya, amefurahi kama mkeka ni wake.

Hapo ndio nilikwama. Kama ningekuwa na mlango, ningengoja. Nani anauza kitu ya arobaini na tatu kwa thelathini na nane? Lakini hiyo sabini na mbili iko na ndugu yake ishirini na nane, na huyo ndugu alikuwa amesimama kwa nyumba yangu akiangalia bibi akifunga nguo. Yule mama wa maembe pia si mjinga. Anajua namkata. Anauza kwa sababu shida yake haiwezi ngoja embe iive.

Wale wajanja hawauzi shamba yote. Wanauza miti miwili, mitatu, ingine wanaacha iive. Na ile app ilikuwa na kitu ya kuvuta kidogo, unatoa sehemu tu. Nikavuta mpaka elfu kumi na mbili, kamili, bei ya mlango. Kwa hiyo sehemu walinikata kama elfu moja mia sita, nikalipa nikijua nalipa. Iliyobaki ikaendelea kukimbia, na ikishinda ni elfu arobaini na moja.

"Broker, wewe ni mwoga," akasema muuza nyanya.

"Chukua yote, bwana!" Kinyozi karibu alie.

Dakika za nyongeza, kona ya wageni, kichwa, moja moja. Filimbi. Arobaini na moja ikachomeka hapo hapo.

"Nilikuambia uchukue yote!" Kinyozi akanipiga na taulo. Na yule wa nyanya, bila aibu, akasema hata yeye alikuwa anataka kuniambia hivyo. Sikubishana. Hiyo goli isingeingia, wangeniita mjinga kwa kuuza, na bei ingekuwa ni ile ile.

Nikatoa pesa kwa simu nikikimbia kwa landilodi. Ikaingia elfu kumi na moja na mia nne.

Kodi. Mimi, mtu amelipa sesi, ule ushuru wa kaunti, kwa kila lori maisha yangu yote, nilipima upepo, nikapima nzi, nikapima faida ya broker, nikasahau kodi ya serikali kwa pesa ya bet.

Mzee alihesabu kwa simu yake pole pole. "Mia sita iko wapi?"

"Serikali imekata, mzee."

"Basi serikali ndio iko na bawaba zako. Mlango beba."

Nikaubeba na mgongo, bila bawaba, bila komeo, nikipita katikati ya watu wanatoka kanisa ya jioni. Mmoja akaniuliza kama nahama. Nikamwambia hapana, natembeza mlango.

Bibi alikuwa amekaa juu ya ndoo, begi tayari. Aliangalia mlango, akaniangalia mimi, nikiwa na jasho hadi kwa masikio. Nikausimamisha pale mahali pake, na ukaanza kuanguka ndani. Nikaushika. Nikiuachilia, unaanguka tena. Nikabaki hapo nimeusukuma na bega, sina mzaha hata mmoja.

Akainuka, akavuta lile begi la Masinga, zito, nguo zake zote na za mtoto, akalikokota mpaka chini ya mlango, likaushikilia.

"Kesho utafute bawaba," akasema.