Kitufe Kisichosema

Mimi hasira zangu ziko karibu, na nalisema mapema ili mtu asishangae mbele. Jumatano ile nilitaka kurudisha laptop ya kikundi dukani na kumwambia mwenye duka maneno ambayo mama wa kanisa hapaswi kusema. Aliyenizuia ni Nasimiyu.

Nasimiyu ndiye katibu wa kikundi chetu cha wafugaji hapa Bahati. Haoni. Macho yalimwacha akiwa na miaka kumi na tisa, baada ya ugonjwa uliomlaza hospitali miezi miwili. Babake, mtu wa reli kutoka magharibi, alimpeleka shule ya wasioona, na huko akajifunza kupiga taipu kwa vidole vyote kumi. Kisha akakaa miaka kumi na minane akipokea simu kwenye kiwanda kimoja Nakuru mjini. Ukipiga leo na upige tena baada ya miezi mitatu, anakutaja kwa jina kabla hujasema unamtaka nani. Siku walipotoa ile switchboard ya simu, wakamtoa na yeye. Ndipo akaja kukaa huku shambani kwa mumewe, akanunua ng'ombe, na mwaka wa pili tukamchagua.

Si wote walifurahi. Mtu asiyeona ataandika minutes za mkutano namna gani? Lakini aliwanyamazisha. Kompyuta yake ina programu ya kusoma skrini, inasema kwa sauti kila kilichoandikwa, na programu yenyewe anatembea nayo kwa flash kwenye mkoba, pamoja na vitambaa na peremende. Sauti hiyo ni ya Kizungu, na ikikutana na jina kama Wariara inalivunja mbavu. Wariara ni mimi, katibu msaidizi.

Sasa, kikundi chetu kina desturi moja ngumu. Minutes husomwa papo hapo, kila agenda ikiisha, kabla mtu hajainuka kitini, na mwanachama yeyote anaweza kusimama aseme, "Hapo sikusema hivyo." Mwingine anaunga mkono, na katibu anarekebisha watu wakimngoja. Tulianza hivyo baada ya ugomvi wa zamani ambao hata siwezi kuuanza hapa. Kwa hiyo katibu wetu lazima awe mwepesi: arudi mwanzo wa mstari, aende mwisho, apande ukurasa, afute neno. Kwenye laptop yake ya zamani Nasimiyu alifanya hayo bila kutumia mouse, maana mouse ni ya mtu anayeona mshale. Alikuwa na vitufe vyake upande wa kulia, Home, End, Page Up na Delete, na vidole vilivijua kama unavyojua swichi ya taa ya chumba chako.

Laptop hiyo ilikufa mwezi uliopita. Kikundi kikaniambia mimi nikachague nyingine mjini. Nikachagua ndogo, nyepesi, inaingia kwenye kikapu. Nilijiona mjanja!

Jumatano nikampelekea. Aliishika, akaipima mkononi, akacheka. "Hii ni laptop ama ni sahani?" Akachomeka flash yake, sauti ikaanza kuongea, akaandika mistari mitatu kwa kasi kama kawaida. Halafu mkono wa kulia ukaenda kutafuta Home. Ukapapasa. Ukafika ukingoni mwa mashine, ukagusa meza.

"Wariara, vitufe vyangu viko wapi?"

Havikuwepo. Pembeni mwa herufi hapakuwa na kitu. Alijaribu kurudi mwanzo wa mstari kwa mshale wa kushoto, na mashine ikamsomea herufi moja moja kwa kurudi nyuma, a, w, i, z, a, m. Nikahesabu mara arobaini na tatu, na huo ulikuwa mstari mmoja tu.

Wakati huo Mzee Ephantus, mwenyekiti wetu, alikuwa amefika kuulizia agenda ya mkutano wetu wa Jumamosi kanisani, na akasimama mlangoni akitazama. Nasimiyu akapandisha kidole kwenye kona ya juu kulia, pale Delete ilipokuwa zamani, akabonyeza. Mashine ikanyamaza. Skrini ikawa nyeusi.

"Hapo umegusa cha kuwasha na kuzima," nikasema. "Hiyo ni ya power. Imelala."

Woi, aibu niliyoona usoni mwake sikuipenda. Mzee Ephantus akakohoa. Si mtu mbaya, ila hana subira. "Mama Levis," akamwambia Nasimiyu, "watu hawatakaa kanisani mpaka jioni wakingoja mshale. Tuandike agenda ya saba: kubadilisha katibu. Wariara ashike kazi. Ukiiweza hii mashine kabla ya Jumamosi, tutaona."

Na Nasimiyu, kwa sababu yeye ndiye katibu, akaiamsha mashine akaiandika mwenyewe. Sauti ikalisoma jina langu kwa kulivunja. Mzee akaenda zake.

Nitasema ukweli wote, maana nimeshaanza. Kile kiti cha katibu nilikuwa nakitaka. Tangu mwaka jana nakitaka. Nilipoliona jina langu kwenye skrini moyo uliruka kwanza, halafu ndio nikaona haya. Na hasira yote nikaimwagia laptop. "Hii kitu ni mbovu! Wametuuzia takataka. Nairudisha leo leo."

"Ngoja," akasema Nasimiyu. "Wewe unaona. Niambie kumeandikwa nini."

Nikavaa miwani, nikainama. Kumbe! Kwenye mshale wa kushoto, chini ya alama yenyewe, palikuwa na neno dogo sana la rangi ya samawati: Home. Mshale wa kulia, End. Wa juu, PgUp. Na kwenye Backspace, pembeni, Del.

"Viko! Vimejificha kwenye mishale!" Nikashika kidole chake nikabonyeza nacho.

"Left arrow," mashine ikasema.

Nikabonyeza kwa nguvu. "Left arrow." Nikabonyeza mpaka meza ikatikisika.

"Haisikii kwa nguvu," akasema. "Unaamsha mlevi nini?" Na akaanza kucheka, mwanamke ambaye dakika chache kabla alikuwa ameandika kufukuzwa kwake mwenyewe. Nikamwuliza anacheka nini. Akasema, "Nataka tu kujua wamevificha namna gani. Mtu hawezi kuandika neno pale bure."

Halafu akafanya kitu ambacho sikuwahi kumwona akifanya. Akashika Caps Lock akagonga namba moja. "Sasa," akanieleza, "haiandiki. Ukigusa kitufe inakutajia jina tu. Nilijifunzia hivi shuleni." Akaanza kona ya juu kushoto, akaenda safu kwa safu. Escape. F1. Tab. Q. W. Shift. Alikuwa ameinamisha kichwa, sikio karibu na mashine, na uso umetulia. Mimi nilikaa nikisahau hata chai jikoni.

Akafika safu ya chini. Kona kabisa, akagusa kitufe cha kwanza. Kimya. Akagusa tena. Kimya. Cha pili: "Control." Cha tatu: "Windows." Akarudi kwa kile cha kwanza. Kimya.

"Hiki hakisemi," akanong'ona. "Kwa nini hakisemi? Vyote vina jina. Kimeandikwa nini?"

"Fn," nikasema. "Herufi mbili tu. Na... ngoja." Niliinama mpaka pua ikakaribia vitufe. "Nasimiyu, kimeandikwa kwa samawati. Rangi ile ile ya Home na End. Hakuna kingine chenye rangi hiyo."

Aliweka kidole kidogo cha kushoto juu ya kile kitufe kimya, akakishikilia. Kwa mkono wa kulia akagusa mshale wa kushoto.

"Home," ikasema mashine.

Nilipiga kelele mpaka kuku wakakimbia. Akaendelea bila kukiachilia: mshale wa kulia, "End." Wa juu, "Page up." Wa chini, "Page down." Backspace, "Delete." Kila kimoja tunacheka kama watoto. Kumbe kile kitufe peke yake hakifanyi lolote, ndiyo maana hakikuwa na la kusema. Kazi yake ni kuwabadilisha wenzake.

"Na ukiongeza Shift?" akajiuliza mwenyewe. Akatoka kwenye ile hali ya kujifunza, akaandika mstari, akajaribu. Fn na mshale wa kushoto, yuko mwanzo. Akaongeza Shift na mshale wa kulia, mstari wote ukachaguliwa, sauti ikausoma na kumalizia "selected". Akaongeza Control badala ya Shift, na mshale wa kushoto, akaruka mpaka mwanzo wa karatasi. Alitaka kujua kila mchanganyiko. Alhamisi nzima na Ijumaa, nikipita kwake kuazima jembe nasikia tu, home, end, home, end, na ng'ombe wakilia hawajakamuliwa.

Jumamosi kanisa lilijaa. Watu hawakumpa nafasi ya kupumua. Mara tu minutes za agenda ya kwanza zilipoanza kusomwa, mzee mmoja wa Kabazi akasimama: yeye hakusema wanachama wote walikubali, alisema wanachama. Akaungwa mkono. Nasimiyu akapanda ukurasa, akashuka mistari miwili, akaenda mwanzo, akaruka neno moja, akafuta "wote" kwa Delete herufi kwa herufi. Mama mwingine akataka jina lake liongezwe mwishoni mwa mstari. Likaongezwa kabla hajakaa. Nilimwangalia Mzee Ephantus. Alikuwa anautazama ule mkono wa kushoto, kile kidole kidogo kwenye kona, na hakuelewa.

Tukafika agenda ya saba. Nasimiyu akaisoma mwenyewe, kwa sauti ile ile aliyosomea nyingine. "Kubadilisha katibu. Wariara ashike kazi." Mzee Ephantus akaangalia viatu vyake. Watu wakaanza kunigeukia mimi.

Nilisimama. Nilijua nikikaa nitakipata kile kiti, kwa sababu hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kusema. "Napendekeza," nikasema, "agenda ya saba iondolewe."

"Naunga mkono," akasema Mzee Ephantus, haraka, kama mtu aliyetolewa mwiba.

Nasimiyu akaweka kidole kwenye kona. Kisha akakiacha hapo, akageuza uso kunielekea mahali hasa nilipokuwa, na akauliza kwa upole, mbele ya watu wote:

"Mstari mzima, Wariara, au jina lako peke yake?"

Alijua nilikitaka kile kiti. Sijui tangu lini, labda tangu mwaka jana. Mtu aliyesikiliza sauti za watu miaka kumi na minane kwenye simu utamficha nini?

"Mstari mzima," nikasema.

Akafuta. Kisha akaandika, na mashine ikamsomea kwa nguvu ile ya kanisa zima kusikia, ikilivunja jina langu kama kawaida: imependekezwa na Wariara.