Dakika Arobaini Bila Tone

Liévin hakuwa mtu wa siasa. Kwa miaka kumi na mmoja kazi yake ilikuwa kupaka dawa vioo vya kupigia picha katika maabara ya madini, hapa Elisabethville, na watu wa Kasai wenzake walimcheka kwamba anaishi gizani kama popo. Mwezi wa nane wa 1961 kicheko kilikwisha. Jandarma, askari wa serikali ya Katanga, walipita mitaa ya Wakasai, wakachukua wanaume thelathini na wanne, na hakuna aliyejua wamepelekwa wapi.

Clément, mdogo wa Ngalula, mke wa Liévin, alikuwa mmoja wao. André, mume wa jirani yao Régine, naye pia. Julienne muuguzi alikuwa na ruhusa ya kuvuka mpaka wa Mokambo, na ng'ambo alikuwepo padri wa kuyapeleka majina kwa wakubwa wa dunia. Barabarani wasafiri walipekuliwa hadi soli za viatu. Kwa hiyo majina yote yalitakiwa yaingie kwenye kipande cha filamu kama ukucha, ndani ya kifuniko cha saa ya Julienne.

Maandishi madogo hivyo yanataka chembe za madini ya fedha ndogo mno, tena za ukubwa mmoja. Filamu ya namna hiyo haikuwepo tena mjini. Liévin alikuwa na chumvi ya fedha ya mpiko mmoja tu.

Alijua kuipika mwenyewe dawa ya kupaka filamu. Ndani ya chumba cha giza, chini ya taa nyekundu, alimimina sehemu ya kwanza ya maji ya fedha kwa mkupuo kwenye jelatini ya moto yenye bromidi, huku akikoroga kwa nguvu. Chembe zote zikazaliwa kwa pamoja, kama watoto wa siku moja. Kisha akafungua koki ya mrija wa kioo wenye maji ya fedha yaliyobaki, yakadondoka tone kwa tone. Ukizidisha matone, zinazaliwa chembe nyingine na umri unachanganyika. Ukipunguza kwa kiasi, hazizaliwi mpya. Zilizopo zinakula, na ndogo zinakua upesi kuliko kubwa mpaka zinakaribiana. Hapo ndipo Liévin alipokuwa akijisikia fundi kweli.

Mlango ukagongwa kwa kitako cha bunduki.

“Fungula. Muko bangapi mule?”

“Niko peke yangu, chef. Nakuya.”

Mkono wake ulifunga koki wenyewe. Ni mkono wa mtu aliyezoea kubana fedha isipotee. Akakifunika chungu, akatoka haraka na kuufunga mlango nyuma yake ili mwanga usiingie. Moto aliuacha.

“Weye muntu wa Kasai?”

“Ndiyo, chef. Niko mutumishi wa labo.”

Walimsimamisha ukutani juani, wakasoma karatasi zake, wakazisoma tena. Liévin hakuogopa bunduki kama alivyokiogopa chungu. Chungu cha moto kisicholishwa hakitulii. Chakula kikiisha majini, chembe ndogo zinaanza kuyeyuka, na kilichotoka kwao kinakwenda kuwanenepesha wakubwa. Mnyonge hana haki, hata ndani ya chungu. Angeiacha koki ikidondosha, au angekitia chungu kwenye maji baridi, mpiko ungepona. Walimwachilia baada ya dakika arobaini.

Alirudi gizani, akatia tone moja la mpiko juu ya kioo, akatazama taa kupitia kwake. Lilipaswa kuwa angavu. Lilikuwa zito kama maziwa, na waya wa taa haukuonekana. Angeweza kufungua koki tena, lakini chembe kubwa hazirudi kuwa ndogo. Liévin akakaa chini, akalia.

Kwa chembe nene zile herufi zilibidi ziwe kubwa. Alipima, akapima tena. Kati ya thelathini na manne, yaliingia majina tisa.

Hakumwita mtu kushauriana. Alichukua kalamu, akaandika Clément kwanza, na hakuona haya. Manane yaliyofuata aliyachagua kwa sababu ambazo hakuwahi kumweleza yeyote, hata mkewe. Alipofika mwisho wa karatasi, André hakuwemo.

Usiku aliipiga picha karatasi ile kwenye filamu, na kesho yake asubuhi Julienne akaondoka nayo ndani ya saa mkononi. Mchana Régine akaja na sahani ya unga, akaushukuru mlango kabla hajamwona mwenye nyumba.

“Papa Liévin, jina ya bwana yangu mulitia?”

Ngalula alikuwa jikoni nyuma ya Liévin, ameacha kukoroga bukari, ugali wa mchana, anasikiliza.

“Iko, mama,” alisema Liévin. “Iko ya pili, nyuma ya Clément.”

Régine akamwekea ule unga mikononi. Kuanzia siku ile alikuja kila asubuhi kuuliza kama jibu limefika, na Liévin alikuwa akimfungulia.