Saa ya London Ofisini Eldoret

Linah Nangila alikuwa karani wa ofisi ya amani ya kanisa, mjini Eldoret, na kwa muda mrefu aliipenda kazi yake. Siku aliyoanza kuichukia ilikuwa Jumanne moja ya Julai, mwaka wa pili baada ya vita vya uchaguzi.

Siku hiyo Mzee Kimutai alikuja kutoka shambani kwake Kapseret akiwa amevaa suti. Wakati wa vita aliuokota mwili wa jirani yake wa shamba, Stephen, kando ya barabara, akauzika kwa siri katika shamba lake. Hakumwambia mtu, kwa kuwaogopa watu wa kabila lake mwenyewe. Mjane wa Stephen, Mama Wahu, aliikimbia nyumba yao ya mtaa wa Munyaka na siku hizi aliishi Toronto kwa binti yake Angeline. Hakujua mumewe amelala wapi. Mzee alikubali kumwambia kwa video, mbele ya wazee wa kamati, mara moja tu. Mara ya pili, alisema, moyo wake hautaweza.

Mwaliko ulikuwa wa saa kumi jioni. Aliuandika mkurugenzi Emmanuel, kwenye kalenda ya kompyuta ya ofisi.

Saa kumi ikafika, mama hakutokea. Chai ikapoa, ikapashwa, ikapoa tena. Mzee Kimutai alikitazama kioo cha kompyuta bila kupepesa macho.

"Nimpigie simu?" Nangila akauliza.

"Usimbembeleze mtu," Emmanuel akasema. "Mwaliko aliuitikia. Saa ameiona."

Mzee mmoja wa kamati akacheka. "Si tuliwaambia? Hawa hawataki amani." Wenzake wakatikisa vichwa kwa raha ya watu waliothibitishiwa walichokuwa wakikiombea. Mzee Kimutai alichukua kofia yake. "Amekataa kuniona," akasema. "Sitarudi." Akaondoka, na wazee wakamfuata.

Nangila alikuwa anaosha vikombe kompyuta ilipoita. Saa ilikuwa kumi na mbili kamili. Kwenye kioo alikaa Mama Wahu, kitambaa kichwani, Biblia mapajani. Angeline alikuwa ameinama nyuma yake.

"Tuko on time," Angeline akasema. "Mzee ako wapi?"

"Ameenda! Tumewangoja tangu saa kumi."

"Saa kumi yenu ni saa tatu asubuhi huku. Invitation yangu inasema saa tano." Kisha akaisoma tena. "Ngoja. Hii imetumwa kwa saa za London. Kwani computer yenu iko London?"

Basi hapo ndipo uozo ulipofunuka. Kompyuta ilikuwa zawadi ya wafadhili wa Uingereza, na Emmanuel aliikabidhi kwa onyo kwamba mipangilio ya wafadhili haiguswi. Ilikuja ikiamini iko London. Saa yake ilipoonekana iko nyuma kwa saa mbili, Emmanuel aliisukuma mbele tu ilingane na ile ya ukutani. Mara kwa mara mtandao uliirudisha nyuma, naye akaisukuma tena, na ofisi nzima ikaona ni desturi. Tarakimu zilikuwa za Eldoret, lakini mahali palibaki London. Alipoandika saa kumi, kalenda ilituma saa kumi ya London, na Toronto ikaipokea ikiwa imegeuzwa kuwa saa tano asubuhi. Ndani ya ofisi kila kitu kilionekana sawa.

Nangila alifungua mipangilio, akachagua Nairobi. Papo hapo kikao kwenye kalenda kikaruka kutoka saa kumi hadi saa kumi na mbili. Emmanuel, aliyekuwa amesimama mlangoni, alikiona pia.

"Hii isitoke hapa," akanong'ona. "Tutasema mama alichelewa. Wafadhili wakisikia, mradi umekufa."

Nangila alimtazama kama mtu aliyekuta nywele kwenye ugali. Kumbe angemwacha mzee alale akiamini amekataliwa, na mjane aitwe mwenye chuki, ili ripoti ing'are! Nangila alimpigia Mzee Kimutai, akaiweka simu karibu na kompyuta.

"Mzee, amekuja. Hakukataa. Ni sisi tulimpa saa mbaya."

Kwa mbali kwenye simu ng'ombe alilia.

"Kwani yuko hapo?"

"Niko, Mzee," Mama Wahu akasema. "Nakusikia."

"Mama Angeline." Sauti ya mzee ilikwaruza. "Stephen yuko kwangu. Nilimzika nyuma ya boma. Nimekuwa nikipalilia hapo, watu wanadhani ni mboga za sukuma nimepanda."

Emmanuel alitoka nje. Hakuna aliyemtazama.

Mama Wahu aliifunga Biblia. Machozi yalikuwa yakimtoka, lakini sauti ilikuwa imara.

"Kichwa ulikielekeza wapi?"

"Munyaka," mzee akasema. "Kwa nyumba yenu."