Jeki Mwenye Jicho Moja

Karata mpya zina harufu yake, ya gundi na rangi. Juzi mjukuu wangu Wanjiku alizinunua mjini, kwa wale wanaotandaza vitabu vikuukuu kando ya barabara, pamoja na kitabu cha kueleza maana zake katika mapenzi. Alipozichanganya mezani kwake Kilimani, harufu ilinifikia pale nilipoketi, na mara nikawa kijijini kwetu Waithaka, mtoto asiye na meno ya mbele, nimekaa mkekani kwa Tata Teresia.

Tata Teresia alikuwa dada mdogo wa baba. Alifiwa na mumewe, Njuguna, mapema, akaenda kulea watoto wa wazungu. Mama wa nyumba ile ndiye aliyemfundisha karata, na alipohama akamwachia kitabu. Shule mimi niliionja tu. Kitabu kile nilikijua kwa kunusa.

Jumapili baada ya kanisa alilaza karata tatu. Ya kushoto ni wewe, ya kulia ni yeye, ya katikati ni kilicho kati yenu. Kwanza alizitazama. Kisha akaniuliza naona nini. Kitabu kilifunguliwa mwisho. Alisema ukianza na kitabu, macho yako hulala.

Nilimpenda kwa wivu. Wanjirũ wa jirani akija kusuka nywele pale, niliumwa tumbo. Sasa fikirieni alipotokea Gicheru, fundi wa viatu kutoka Mutuini, na baiskeli inayong'aa. Alileta sukari. Nilikataa kuilamba, na mnajua sukari ilivyokuwa adimu wakati ule.

Jumapili moja Tata akaniambia, "Wambui, leo nauliza kama nimkubali Gicheru."

Akimkubali angehamia kwake. Kwenda Mutuini kulikuwa kwangu kama kwenda ng'ambo.

Kushoto ilitoka malkia wa jembe, ile alama nyeusi.

"Unaona nani?"

"Cucu Nyambura akitoka shambani."

Akacheka, maana Nyambura, bibi yangu, alikuwa mama yake. Akafungua kitabu. "Hapa wanasema ni mjane mwenye ulimi mkali. Mjane ni mimi, ulimi waulize wanaonijua. Lakini wewe umeona jembe, na jembe ndilo lililotulisha. Yote mawili nayashika."

Kulia ikatoka jeki wa kopa, kijana wa mioyo myekundu, ametazama upande.

"Na huyu?"

"Ni mwongo," nikasema upesi. "Anaonyesha jicho moja, lingine amelificha."

Tata hakufungua kitabu. Alipekua karata zilizobaki, akatoa jeki wa jembe, akamweka karibu na yule wa kopa. Naye alikuwa na jicho moja.

"Juma lililopita huyu alitoka. Ulisema ni nani?"

Nikainamisha kichwa. Nilikuwa nimesema ni babu Karanja akichungulia ng'ombe wake.

"Jicho ni lilelile, Wambui. Hilo la uongo umeliona kwa karata, au ulikuja nalo kutoka nyumbani?"

"Lakini wewe husema tuamini moyo."

"Nasema. Moyo ukiona, huona hata kwa mtu usiyemjali. Ukiona kwa Gicheru peke yake, huo si moyo, ni tumbo linauma."

Ndipo akasoma: jeki wa kopa ni rafiki mwema, au mchumba kijana. "Gicheru si kijana," akasema, "hapo kitabu kimekosa." Akafunua ya katikati. Tano ya kopa. Mioyo minne kwenye pembe, mmoja katikati. Nikasema haraka kwamba ule wa katikati ni yeye, amezingirwa. Akasoma kitabu kimyakimya, akakifunga. Hakuniambia kilichoandikwa. Alisogea tu mkekani akanivuta, bega langu likakaa kwa mbavu zake, akakaa hivyo hadi tulipoitwa kula ugali.

Aliolewa na Gicheru. Nilikuja kujua kuwa Mutuini ni mwendo wa kutembea kwa miguu, na Gicheru alinishonea viatu vyangu vya kwanza. Vilinibana, nikavivaa hata hivyo.

Basi juzi Wanjiku akalaza tatu zake. Anauliza juu ya Mutua, kijana wa Machakos anayetaka kumpeleka kwao. Kulia akatoka yuleyule, jeki wa kopa.

"Cucu, wewe unaona nini?"

Niliona jicho moja. Niliona pia chumba changu kitupu Waithaka, na Jumapili bila Wanjiku kuja kunitembelea.

"Mimi usiniulize," nikamwambia. "Nilichoona nimekuja nacho kutoka nyumbani. Tazama wewe kwanza, halafu ufungue kitabu."

Akatazama kwa muda. Akasema anafanana na Mutua akiendesha gari, akimsikiliza bila kugeuka. Ya katikati ikawa tatu ya maua, akaanza kuitafuta kitabuni. Kurasa zikifunguka, nikamwomba anitafutie na tano ya kopa.

"Wivu, Cucu," akasoma. "Wivu wa mtu aliye karibu. Kwani ilitoka lini?"

Nikamwambia ilitoka zamani, kwa Tata Teresia. Kisha nikasogea kwenye kiti, nikamwachia nafasi aketi ubavuni mwangu.