Kipandio cha Mapokezi

Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ni fundi wa lifti. Kazi yake ni kuwaepusha watu na ngazi, lakini kwa miaka miwili yeye mwenyewe alipanda kwa miguu.

"Fundi, hata wewe huiamini kazi yako?" walimtania wafanya usafi.

"Naiamini. Nisiowaamini ni nyie na ndoo zenu mnazobania milango ya lifti."

Alitaka kuingia kundi la kwanza la mbio za ngazi. Sharti lilikuwa kasi ya mita ishirini za kwenda juu kwa kila dakika, na umri chini ya miaka hamsini. Hamsini alikuwa anatimiza mwezi mmoja baada ya majaribio ya kuingia. Hakuwa na mwaka mwingine.

Hesabu nilipiga mimi, mlinzi wa jengo anakofanyia kazi. Kutoka chini hadi ghorofa ya thelathini, kila ghorofa ina vipandio ishirini, jumla mia sita. Nilipima kipandio kimoja kwa tepu pale mapokezi nikapata sentimita kumi na saba na nusu. Yaani mita mia moja na tano. Alikuwa akipanda kwa dakika tano kamili, hivyo kasi ni ishirini na moja.

"Basi shemeji, tumeshapita," alisema. Tangu siku hiyo hakujisukuma tena. Alilinda magoti.

Siku ya mwisho ya majaribio alikuja mpimaji wa mbio, mama mmoja mpole mwenye miwani. Shemeji alipanda kwa dakika tano kamili. Kisha yule mama akapima vipandio, kwanza mapokezi, halafu ghorofa ya nne, ya kumi, ya ishirini.

"Nani alipima hapa?"

Nilinyanyua mkono kama mtoto wa darasani.

"Baba, ngazi za mapokezi ni za kuwapendeza wageni, vipandio vyake ni virefu zaidi. Huko juu kote ni sentimita kumi na sita."

Akaandika. Ghorofa ya kwanza mita tatu na nusu, zile ishirini na tisa mita tatu na sentimita ishirini kila moja. Jumla mita tisini na sita na sentimita thelathini. Kasi kumi na tisa na robo hivi. Shemeji alihitaji kupunguza sekunde kumi na mbili tu. Kwa miezi ile aliyokuwa akilinda magoti, angezipata.

"Naomba nirudie," shemeji alisema.

"Nafunga karatasi saa sita, kaka. Miguu imepumzika?"

"Bado."

Alirudia. Nilimsubiri juu, nimeshika saa. Nilimsikia akivuta pumzi kuanzia ghorofa ya ishirini na tano. Dakika tano na sekunde ishirini na moja. Kasi kumi na nane.

Aliketi kwenye kipandio cha mwisho.

"Shemeji, nisamehe," nilisema.

"Ungepima viwili tu."

Tulishuka kwa lifti. Aliegemea ukuta, akautazama mlango mpaka tukafika chini.